Limekaa! Mengine mtayaona kanisani

Wapendwa, shela limekaaaa! 😭🤍

Picha ndiyo hii, na nyingine hakuna mpaka siku yenyewe: visigino vya viatu, mkono wa fundi na pini zake, na kanga niliyojitanda juu makusudi. Kioo tumekigeuzia ukutani kabla simu haijatoka mkobani, kwa sababu siri nyingi za shela huvujia humo: mbele umejificha vizuri, kumbe mgongo mzima unaonekana nyuma yako. Mashangazi, msiikuze picha. Na wewe mume wangu mtarajiwa ndiyo kabisa, utaishia kuona pini.

Zimebaki wiki 6. Hii ni mara ya pili kupima kati ya mara 3. Ya kwanza ilikuwa ya marekani tupu, ili makosa yote yaishie kwenye kitambaa cha bei rahisi. Leo ndilo lenyewe, limepigwa bandi tu, cherehani bado. Lilivuta kidogo kwapani, fundi akaachia sentimita 1, sasa mikono inapanda hadi juu ya kichwa. (Hiyo haimaanishi lina mikono. Wala haimaanishi halina.) Ya tatu ni siku 10 kabla ya harusi, na siku hiyo mkasi haugusi kitu, ni vifungo na pasi.

Mabibi harusi wenzangu wa Desemba, hili nawapa bila siri: nendeni na viatu vya siku ileile na sidiria ya siku ileile. Kisigino kikipungua sentimita 3, mbele mtakanyaga. Pindo likipimwa, tazama mbele, usiinamie miguu yako. Ukiinama, mbele hushuka na nyuma hupanda, fundi anakata pindo la uongo. Mbele libaki kama sentimita 2 juu ya sakafu. Kisha kaa kwenye kiti, kumbatia mtu, panda ngazi, cheza kidogo. Usipakae mafuta wala poda, doa la mafuta kwenye kitambaa cheupe ni kilio. Na jamani, dieti mpya au kunenepa baada ya kupima mara ya pili, hapana! Kupunguza mshono ni rahisi, ila kuongeza kunategemea akiba iliyoachwa ndani, kwa hiyo mwambieni fundi mapema awaachie angalau sentimita 2 kila upande.

Walioliona ni watatu: fundi, mama na matroni. Mama alipiga kigelegele mpaka duka la jirani wakachungulia, pazia likafungwa haraka. Matroni kaapa.

Kwenye komenti leteni vigelegele. Makisio ya mshono, rangi na urefu wa mkia sitayajibu, hata ukipatia. 🤫

#SiriYaShela #BibiHarusiMtarajiwa #Wiki6