Yah: Ombi lako la advansi ya mshahara

Ofisi ya bekari, Msamvu, Morogoro
24 Juni 2025

Mama Neema,

Habari za kazi. Hongera kwanza kwa Neema kuchaguliwa kidato cha tano. Siku ulipoleta ile karatasi ya shule pale kwenye tanuri, ikiwa na unga pembeni, sote tulifurahi.

Barua yako ya kuomba advansi ya shilingi 450,000 nimeisoma. Samahani, sitaweza kuitoa. Shule zimefunga na oda za mikate zimeshuka, na unga siku hizi tunalipa taslimu kabla haujashushwa. Ila hata fedha ingekuwepo ningesita. Kwenye mshahara wako wa 380,000, ukitoa NSSF, kodi na ile 80,000 ya advansi ya msiba inayoisha Agosti, mkononi unabaki na kama 256,000. Nikikata tena 150,000 kwa miezi mitatu, mtakula nini?

Haya ndiyo ninayoweza. Saa zako 26 za ziada za wiki ya Idi, kwa kiwango cha mara moja na nusu, ni kama shilingi 76,000. Hiyo ni haki yako, umeshaifanyia kazi. Njoo Ijumaa uichukue, usisubiri mwisho wa mwezi.

Godoro nimeongea na mwenye duka mmoja pale soko la Kingalu. Atakupa ulipe kidogo kidogo, mimi ndiye mdhamini. Tranka, godoro na ndoo vipakieni kwenye gari letu la mikate la Kilosa, Jumatano au Jumamosi, maana basi watawatoza mzigo. Siku ya kumpeleka mtoto, chukua ruhusa ya siku mbili yenye malipo. Dada wa zamu ya usiku amekubali kukushikia.

Kwa kiasi kitakachobaki, jaribu SACCOS yako. Barua ya kuthibitisha ajira na mshahara nimeshaisaini, iko kwa karani. Waombe marejesho yaanze Septemba, deni letu likiwa limeisha, na uulize riba kabla hujaweka sahihi. Ninachokuomba sana, usiende kwa wale wa kausha damu. Kuna mwenzetu hapa alichukuliwa hadi friji.

Jambo moja kuhusu ile karatasi: ada ya kidato cha tano na sita kwa shule za serikali ilifutwa mwaka 2022. Kama kuna mstari umeandikwa ada, mpigie mkuu wa shule kabla hujalipa. Mengine, kama reki, fagio na jembe, angalia stoo yetu ya nyuma. Reki zipo mbili na hakuna anayezitumia.

Najua ulitegemea jibu jingine. Kama kuna nisilolielewa, nipo ofisini kila siku baada ya saa nane, mkate wa mchana ukishatoka.

Wako kazini,
Meneja