Shukrani zetu kwa wazazi, kamati na wote mliokuja kutusindikiza

Wapendwa wazazi, wanakamati, ndugu na marafiki,

Shikamooni wakubwa, na wenzetu habari za tangu Jumamosi ile.

Tuwaambie ukweli: siku ya harusi maharusi hawasikii kitu. Mtu anazungumza, wewe unawaza kiatu kinabana, mpiga picha anakuambia tabasamu, mara MC anaita kundi jingine lije na zawadi. Video imefika wiki hii. Tumekaa sebuleni tukaitazama yote, tukawa tunaisimamisha kila mara na kuandika mliyosema. Ndiyo maana shukrani zimechelewa, na ndiyo maana ni ndefu.

Babu wa Marangu, wewe ulianza kabla ndafu haijakatwa. Ulisimama na jani la sale mkononi, ukumbi ukanyamaza, hata wahudumu wakasimama na sinia zao. Ulisema: “Kwetu mtu akikuletea hili, humkatalii msamaha. Sasa ninyi mtaishi Dar es Salaam, sale mtalitoa wapi? Pandeni moja mlangoni. Na kila mmoja awahi kulikata yeye, asimngoje mwenzake.” Babu, mche tumeupata, uko kwenye ndoo hapo kibarazani.

Mjomba kutoka Muheza, ulipopewa kipaza sauti tulijua shughuli imeanza. “Wenyeji wetu wamenywa mbege, wageni wamenywa shampeni, sisi Wabondei tumeleta machungwa!” Kisha ukainua chungwa badala ya glasi, na meza nzima ya Tanga ikainua machungwa. Tulivyocheka mara ya pili ni zaidi ya siku ile. Lakini baada ya kicheko ulisema neno ambalo siku ile lilitupita kabisa: “Neema, usione aibu kurudi nyumbani kusalimia. Baraka, usione aibu kuja kumfuata.” Hilo tumelirudia mara nyingi.

Baba mzazi wa Baraka ulimkaribisha Neema kwa kumwonyesha ufunguo wa akiba unapowekwa, chini ya chungu cha maua ya mama. Asante sana baba, ni heshima kubwa kuaminiwa hivyo. Ila umetaja mbele ya ukumbi mzima na imerekodiwa, kwa hiyo tunaomba uuhamishe.

Mama mzazi wa Neema, ulisema sentensi moja tu: “Nimempeleka kwenu, sijamtoa.” Ukarudi kukaa. Kwenye video anaonekana mama wa Baraka anainuka meza kuu, anakuja kukushika mkono. Hatukuwa tumeona hilo. Asanteni mama zetu wote wawili.

Kwa wasimamizi wetu: bwana msimamizi, siri za ghetto ulizomwaga tumezisamehe, kwa sababu ulimaliza kwa kumwombea rafiki yako “nyumba isiyoogopa mgeni wa ghafla”. Na wewe matroni, lile agizo lako la simu kulala sebuleni na sisi kulala chumbani, tunajitahidi. Siku nyingine simu zinashinda.

Mchungaji, ulitubariki kwa maneno ya Hesabu sura ya 6, yale yale uliyotusomea kwenye mafundisho ya ndoa, kisha ukaongeza ya kwako: Mungu atupe watoto kwa wakati wake, na watu watuache tupumzike kuulizwa. Makofi yaliyofuata yalikuwa ya vijana. Wazee, tumewaona kwenye video, hamkupiga.

Mwenyekiti wa kamati, sauti yako ilikuwa imekauka, lakini taarifa uliitoa: “Ukumbi umelipwa, muziki umelipwa, keki imelipwa. Maharusi hawaamki kesho na deni.” Hiyo nayo tumeihesabu kuwa baraka, tena kubwa. Tunajua vikao vilivyofanyika usiku na simu mlizopiga kukumbusha ahadi. Mweka hazina, tunajua pia pale palipopelea nani aliingiza mkono mfukoni mwake. Mungu akurudishie.

Nakala za video tumeziweka kwenye flashi, moja itakwenda Marangu na nyingine Muheza. Asiye na kompyuta aunganishe moja kwa moja kwenye televisheni.

Limebaki ombi moja. Shangazi wa Arusha, ulizungumza muda mrefu, unanyoosha kidole, Neema anaitikia kwa kichwa, watu wanapiga vigelegele, lakini fundi muziki alikuwa ameshaanza kupandisha spika na hakuna neno lako lililosikika. Neema naye hakumbuki aliitikia nini. Tafadhali turekodie upya kwa simu yako ututumie, hata kama ulikuwa unatugombeza.

Wenu wenye shukrani nyingi,
Baraka na Neema