Barua kwa Wakili Kuhusu Usajili wa Wadhamini wa Kusanyiko

Kusanyiko la Wakristo,
Mtaa wetu wa Kihonda,
Manispaa ya Morogoro.
12 Machi 2024

KWA MKONO

Wakili Msomi B. Mhando,
Morogoro.

YAH: USAJILI WA BODI YA WADHAMINI WA KUSANYIKO LETU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi ni waumini 64, wengi wetu wakulima na mama lishe wa stendi ya Msamvu. Cheti cha Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani, tunacho tangu 2019. Kiwanja chetu, hata hivyo, hakina mwenyewe anayeeleweka.

Tulikinunua 2011 kwa sadaka. Hati ya mauziano iliandikwa mbele ya mwenyekiti wa mtaa kwa majina ya wazee wawili, na neno kanisa halimo popote. Mmoja wao, Mzee Kalinga, alifariki Oktoba iliyopita. Mjane wake anasema wazi kwamba kiwanja ni cha kanisa, ila kijana wao mkubwa ameshauliza kwenye kikao cha familia kama kinaingia kwenye mirathi. Hatumlaumu, karatasi ina jina la baba yake.

Baraza la Wazee, katika kikao cha tarehe 3 Machi, limeazimia wadhamini wasajiliwe kwa Kabidhi Wasii Mkuu, RITA, chini ya Sheria ya Muunganisho wa Wadhamini, Sura ya 318. Mali ikiwa kwa jina la Wadhamini Waliosajiliwa, afe mtu au ahame, kiwanja kinabaki.

Kabla ya kujaza fomu, tunaomba uipitie katiba. Ibara ya 9 inasema mali yote "iko chini ya mchungaji", na mchungaji mwenyewe ndiye aliyetaka ifutwe. Tunapendekeza wadhamini watano, yeye akiwa mmoja tu kati yao, na kusiuzwe wala kuwekwa rehani kitu bila ridhaa ya mkutano mkuu. Kusanyiko likivunjika, mali iende kwa kanisa lingine. Tusigawane.

Tunaomba pia ushauri: mzee aliyebaki na mjane wasaini sasa kuhamisha kiwanja, au tusubiri mahakama imteue msimamizi wa mirathi? Sisi tunaona kusubiri ni salama zaidi, ingawa kunachelewesha. Utakavyoelekeza ndivyo tutakavyofanya.

Tumeambatisha nakala za cheti, katiba, hati ya mauziano, muhtasari wa kikao wenye saini, pamoja na picha na maelezo binafsi ya wateule watano. Mmoja wao ana namba ya NIDA tu, kadi haijatoka. Tujulishe kama itakwamisha.

Tafadhali tuandikie ada yako peke yake na ada za serikali peke yake, kwa kuwa zitasomwa mbele ya waumini kabla ya kuanza kuchanga.

Wako katika huduma,

Elikana Mwakyoma
Katibu, kwa niaba ya Baraza la Wazee