Nusu dakika na mwenye mabasi

(Maneno ya katibu wa kikundi cha wazazi wa watoto wenye miguu kifundo, Tabora. Yatasemwa stendi, alfajiri, kabla magari hayajatoka. Mzee huyu ukimwanzia na historia ya kikundi anaangalia saa, kwa hiyo historia tumeiacha.)

Shikamoo mzee. Mimi ni katibu wa kikundi cha wazazi wa watoto wenye miguu kifundo hapa Tabora. Mtoto anazaliwa nyayo zimepinda kwa ndani. Akiwahishwa hospitali anafungwa plasta, inabadilishwa kila wiki, na baada ya wiki sita hivi mguu umenyooka. Matibabu yapo mzee; kinachomshinda mama ni nauli. Anatoka Kaliua mara ya kwanza, mara ya pili, ya tatu hana kitu, anakaa nyumbani, na mguu unaanza kurudi ulikotoka. Kazi yetu ni moja tu: kila mtoto aliyeanza plasta amalize. Sijaja kuomba fedha. Naomba siti mbili kwenye basi lako la asubuhi kutoka Kaliua kuja hapa, kila Jumanne, na siti mbili za kurudi jioni.

(Hapo unyamaze. Akisema "kaa unieleze", endelea hivi.)

Asante mzee. Kwa makadirio, katika watoto 1,000 wanaozaliwa, mmoja hivi anazaliwa na hali hii, na wa kiume ni wengi kuliko wa kike. Si kwamba mama alikanyaga kitu wala amerogwa, ingawa hayo ndiyo anayoambiwa, na wapo akina baba wanaoondoka nyumbani kwa sababu hiyo. Mtaalamu anaushika mguu, anaunyoosha taratibu kwa mkono hadi pale unapokubali, anafunga plasta kuanzia vidoleni mpaka pajani. Vidole vinaachwa wazi ili mama aone kama vina joto na rangi yake. Wiki inayofuata plasta inatolewa, mguu unasogezwa tena kidogo, inafungwa nyingine. Mwishoni watoto wengi wanakatwa kano, ule mshipa mgumu wa nyuma ya kisigino, jambo la dakika chache, kisha plasta ya mwisho ya wiki tatu. Njia hii inaitwa Ponseti, jina la daktari Mhispania aliyeianzisha Marekani. Zamani walifanya upasuaji mkubwa wa mguu, na wengi walikua na miguu iliyokakamaa yenye maumivu.

Sasa angalia upande wa safari. Nauli ya kwenda na kurudi ni kama shilingi 20,000. Mara sita ni 120,000, na huyo mama analima tumbaku ya watu. Akipanda bodaboda na mtoto mwenye plasta, mvua ikimkuta njiani plasta inalainika, kazi ya wiki nzima imeharibika.

(Akiuliza, "Nitajuaje kama anayepanda ni mgonjwa kweli?")

Kila mama ana kadi ya kliniki yenye tarehe yake. Jumatatu jioni tunamtumia karani wako majina mawili, basi. Asiye na kadi na hayumo kwenye orodha, alipe nauli kama abiria wengine. Na plasta yenyewe, mzee, haijifichi, konda ataiona.

(Akiuliza, "Wakishanyooka si mmemaliza?")

Hapana, na hapa ndipo wengi wanapoangukia. Plasta zikiisha mtoto anavaa viatu viwili vilivyounganishwa na kipande cha chuma. Miezi mitatu ya mwanzo anavaa saa 23 kwa siku, anavuliwa kuogeshwa tu. Baadaye ni usiku na wakati wa kulala mchana, hadi afikishe miaka minne au mitano. Mama akiona mguu umenyooka na mtoto analia usiku, anavivua, na jirani anamwambia amefanya vizuri. Ndiyo maana kikundi chetu ni cha wazazi: mmoja aliyekwisha kupita huko anamtembelea huyo mama nyumbani, anamfunga mtoto viatu mbele yake, anakaa naye mpaka kilio kipungue. Viatu tunavinunua kwa michango yetu na kuvipokezana, maana mtoto anakua na jozi inabaki nzima. Ukipenda kuchangia viatu tutapokea kwa mikono miwili, lakini leo nimefuata siti.

(Akisema siku za msimu basi linajaa.)

Tunalijua hilo. Tukianza na miezi mitatu, kisha tukae tuangalie wangapi wamemaliza plasta, utaamua mwenyewe kuendelea au kuacha. Wiki utakayobanwa, karani atuambie Jumatatu mchana, tutachangishana nauli ya wiki hiyo. Na mama mwenye kichanga hachukui nafasi kubwa: mtoto anapakatwa.

Basi mzee, majina ya Jumanne hii ninayo hapa. Nimpe karani wa tiketi, au nimsubiri konda?