Ujumbe kwa Baba Neema

Baba Neema, pole na majukumu. Nina habari nzito. Baba yangu amefariki leo saa kumi alfajiri, nyumbani Mpwapwa. Ni ile presha. Tunazika kesho saa tisa alasiri.

Naomba watoto wasijue kwanza. Simu usimpe Neema, maana kwenye grupu la ukoo wameshaanza kuweka picha ya Babu. Wakitoka shule, waache wale washibe. Napanda basi la mchana; jioni nitakuwa hapo kwako Area C, tuwaambie pamoja. Mimi nitaanza.

Tuseme wazi: “Babu amekufa.” Tusiseme amelala wala amesafiri. Daudi ana miaka mitano, ataogopa kulala, au atakaa mlangoni anamsubiri. Akiuliza mara kumi, tumjibu mara kumi. Nikilia mbele yao usinitoe nje, waone tu.

Makaburini, Neema aamue mwenyewe kama ataenda. Daudi atabaki na mama yake mdogo.

Baba aliendelea kukuita mwanangu hata tulipoachana. Ukiweza kuja kumzika, njoo. Nimeshaongea na kaka zangu.