Taarifa ya Mweka Hazina kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Bwana Mwenyekiti, wazee wetu, akina mama na wanachama wenzangu, hamjambo.

Mwaka huu wanachama 84 walitoa shilingi 500 kila mwezi, jumla ikawa 504,000. Faini zilileta 18,600 na riba ya benki 31,400, hivyo mapato yote yakawa shilingi 554,000.

Tulifiwa mara sita. Familia ya mwanachama mwenzetu aliyetutoka mwezi Mei ilipokea 100,000, na wanachama watano waliofiwa na wategemezi walipokea 50,000 kila mmoja. Malipo yote yakafika 350,000. Matano yalitoka ndani ya siku mbili. La sita lilichukua siku nne, kwa kuwa mtia saini mmoja alikuwa safarini, na mwenzetu aliyefiwa akabaki mochari, risiti mkononi, gharama zikiongezeka kila siku, huku gari la kupeleka mwili Kakamega likisubiri malipo. Jambo hilo liliniumiza sana, nami namwomba radhi mbele yenu.

Gharama za benki, M-Pesa na ukaguzi wa hesabu zilikuwa 24,000. Salio la 180,000 tumeliongeza kwenye akiba ya 412,000, ambayo sasa ni shilingi 592,000. Kiasi hicho kinatosha misiba mitano ya wanachama wenyewe, wala si zaidi. Kwa hiyo sishauri tukikopeshe.

Naomba mkutano uidhinishe mtia saini wa nne. Daftari na taarifa za benki ziko mezani, mzikague.