Tuzo za Kufunga Mwaka: Cheka, Usinune

Haloo, haloo, maiki inasikika? Mpaka kule kwenye jiko la nyama? Haya. Wakubwa shikamooni, na wadogo zangu marahaba, najua mlikuwa mnataka kuniamkia mkasahau.

Hongereni kwa kuvuka salama kuja Kigamboni. Kuna mtu kwenye pantoni alifumba macho kuanzia Magogoni mpaka tunashuka, tumemwona, ila leo hatumtaji. Sasa kabla sijaanza, ijulikane hivi: humu hakuna utani wa mwili wa mtu, wala mshahara, wala ndoa, wala kabila, na kila anayetajwa nilimfata pembeni wiki iliyopita nikamsomea ya kwake. Mmoja akasema hii hapana bhana, nikaichana palepale. Msiniulize ni nani. Na acheni kuangaliana.

Naanza na mimi mwenyewe ili nikiwachoma wengine msiseme naonea.

TUZO YA "NAOMBA CHAJA MARA MOJA". Mshindi ni mshereheshaji wenu hapa. Tangu Januari nimeazima chaja za watu nane na nimerudisha tano, hizo tatu nyingine zipo, zinajisikia vizuri, zinasalimia. Zawadi yangu nimejinunulia mwenyewe Kariakoo, kebo ya elfu tano, na nawaomba mashahidi muione kwa macho maana kesho kutwa nitasema imepotea.

TUZO YA VOISI NOTI YA MWAKA. Bosi, samahani mzee wangu, hii umeshinda bila mpinzani. Ile ya mwezi wa tisa ilikuwa dakika sita na sekunde arobaini. Tuliisikiliza wote, Dada wa Risepsheni akaisikiliza mara mbili akidhani kuna sehemu imempita, humo ndani kulikuwa na salamu, hali ya hewa, honi za foleni, mtu anauza korosho dirishani ukamuuliza bei ukamwambia punguza, af kwenye dakika ya tano na nusu ndo likaja neno la kazi lenyewe: "leteni zile karatasi". Zipi, mzee? Mpaka leo hatujui zipi, tulileta zote. Zawadi ni kalamu na kidaftari.

(Makofi. Bosi akicheka tunaendelea, asipocheka tunaendelea haraka zaidi.)

TUZO YA VITA VYA RIMOTI. Hii jamani nimeshindwa kumpa mtu mmoja. Upande mmoja Kaka wa Kompyuta, yeye kiyoyozi ni 16 tu, ukimuuliza anasema mashine zinataka baridi, sasa kaka, mashine ziko chumba kingine! Upande wa pili Mama Mhasibu, yeye anataka 26, na mwaka huu ameongeza silaha, anajifunga khanga mabegani hapohapo kwenye meza ya mahesabu, joto la Dar lote liko nje linamsubiri yeye kavaa kama yuko Makete. Na khanga yenyewe imeandikwa "Nilijua mtasema". Tumesema nini sasa mama?

Mwezi wa sita rimoti ikapotea siku tatu. Tukatafuta mpaka kwenye mafaili ya 2019. Kumbe ilikuwa kwenye hotpoti, chini ya chapati. Sitaki kusema hotpoti ya nani ila chapati zilikuwa laini sana, za nazi, na kwenye hii kampuni mtu anayepika hizo ni mmoja. Zawadi: Kaka wa Kompyuta anapata feni ndogo ya mezani, Mama Mhasibu anapata sweta, na mjumbe wa amani ni betri za rimoti, nimezitoa ninazo mimi mfukoni.

TUZO YA "SISTIMU IKO CHINI". Kaka wa Dokumenti, simama. Wote tunajua kazi ya kutoa mizigo bandarini ina mambo, na kuna siku sistimu inakuwa chini kweli. Ila wewe kaka yangu tulikuuliza mchango wa keki ya Dogo, buku mbili tu, ukajibu sistimu iko chini. Sistimu ya nini, ya mfuko wa suruali? Zawadi: bahasha tupu, ukiuliza hela ziko wapi unajua jibu.

TUZO YA "NIONJE TU". Anajijua na ameshasimama kabla sijamtaja, huo ndo uungwana. Huyu dada hajawahi kuja na lanchi yake hata siku moja ila saa saba mchana ndo mtu aliyekula vizuri kuliko wote, kijiko cha wali kwa huyu, kipande cha samaki kwa yule, mlenda kwa Mzee Stoo, na mwisho anatoa maoni: "leo chumvi imezidi kidogo". Dada yetu, tunakuzawadia hotpoti. Ina kitu ndani, maandazi manne. Na mimi naomba nionje tu.

TUZO YA JUMATATU YA KUNUNA. Mzee Dereva wa Yanga na Mzee Stoo wa Simba, mnagawana. Klabu moja ya 1935, nyingine ya 1936, ugomvi wa hawa wawili nadhani ulianza hapo katikati. Akifungwa mmoja gari haliwaki, akifungwa mwingine funguo za stoo hazionekani. Zawadi yenu kikombe kimoja cha chai, kimoja, mtumie kwa zamu.

TUZO YA CHENJI. Hii haina utani. Dogo wa Fildi, tumekutuma chipsi mayai, vocha, dawa ya mbu, soda baridi ("sio baridi sana"), na hujawahi kurudi na chenji pungufu, hata ile mia mbili uliyorudisha umelowa mvua chapachapa. Tumechanga kidogo. Hesabu hapahapa, usije kusema chenji imezidi.

TUZO YA KUJUA KILA KITU anaichukua Mama yetu wa Usafi. Anafungua ofisi saa kumi na mbili kasoro, anajua sukari anaificha nani, anajua nani alilia chooni na hajawahi kumwambia mtu. Ukimuuliza anasema "mimi nilikuwa nafagia". Mama, pokea vitenge doti mbili na Jumatatu usije, tutafagia wenyewe, utakuja kucheka Jumanne.

Imebaki moja. Nimeiweka mwisho makusudi ili mwenyewe apate muda wa kufika.

TUZO YA "NIPO NJIANI". Ndugu yetu wa Kimara Mwisho. Mwendokasi ipo toka 2016 inakuja moja kwa moja mpaka Kivukoni ila yeye kila siku imejaa. Ukimpigia saa mbili na nusu anakwambia nipo Ubungo hapa. Ukimpigia saa tatu, nipo Magomeni, nakaribia. Sasa siku ile ya kikao cha mteja tukampigia akasema yupo Fire kabisa, na nyuma yake tukasikia jogoo anawika, af sauti ya mtoto: "Baba, mama anasema uji umeiva." Fire pale kuna jogoo gani, jamani?

Lakini ndo huyuhuyu aliyekaa getini bandarini mpaka saa nne usiku kontena la watu likatoka, sisi wote tumeshalala. Kwa hiyo tuzo yake ni kubwa kuliko zote, saa ya ukutani, na nyama yake imetengwa pembeni, mtu asiguse.

Yupo? Hayupo eh? Haya, nampigia, naweka spika. Kimya wote, hata wewe na hiyo soda. Akisema yupo kwenye pantoni, sikilizeni vizuri kama ni honi au jogoo.